Mpira wa pembeni: kwa nini kitu kilichokatwa kwenye picha ya lenzi pana huonekana kimevutwa, na namna ya kukirudishia umbo lake

Watengenezaji wa mabango ya mashindano ya mtaani siku hizi hupokea picha nyingi zilizopigwa kwa ile lenzi ya simu inayoandikwa 0.5 kwenye skrini. Sababu yake inaeleweka: chumba cha kubadilishia nguo ni kidogo, wachezaji ni wengi, na mpigapicha hana mahali pa kurudi nyuma. Picha nzima ikitazamwa kwa haraka huwa haina kasoro kubwa. Tatizo huanza pale mteja anapoomba mchezaji aliyesimama mwisho kabisa wa safu, mwenye mpira miguuni, akatwe na kuwekwa katikati ya bango. Akishabandikwa hapo, kichwa chake kinakuwa kipana kama boga, mpira unafanana na yai, na mwili unaonekana kama unaegemea upande ambao hakuna cha kuegemea. Nitatumia picha ya namna hiyo niliyoifanyia kazi, kwa sababu mpira uliomo ndani yake unatupatia kipimo ambacho picha nyingi hazina.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo huwapoteza wengi, nayo ni kwamba lenzi hiyo ni mbovu au ya bei nafuu. Lenzi pana huweza kuwa na kasoro ya kupinda mistari iliyonyooka, hasa karibu na kingo, lakini programu ya simu kwa kawaida huinyoosha mistari hiyo kabla picha haijahifadhiwa. Mvutano ninaouzungumzia hapa ni jambo jingine. Unatokea hata kwa lenzi isiyo na dosari yoyote, na hata kwa kamera ya tundu isiyo na lenzi kabisa. Tena, kunyoosha mistari ndiko kunakoleta mvutano wenyewe: ukifungua picha ya lenzi inayopinda mistari na kuwasha marekebisho ya lenzi kwenye programu yako, fremu ya mlango itanyooka, lakini kichwa kilicho kando yake kitazidi kupanuka. Nimewaona watu wakiwasha marekebisho hayo mara ya pili kwa matumaini kwamba hali itapungua, nayo ikazidi.

Chanzo chake ni ubapa wa picha. Miale ya mwanga hutoka kwenye kila kitu na kukutana katika nukta moja ndani ya lenzi, kisha hupigwa juu ya bapa tambarare. Mwale wa katikati huliangukia bapa hilo wima. Mwale unaotoka pembeni huliangukia kwa mshazari, na kadiri pembe yake inavyokuwa kubwa ndivyo mshazari unavyozidi. Elekeza tochi ukutani moja kwa moja utaona duara la mwanga. Igeuze kidogo kando, na duara litarefuka kuelekea upande ulikoigeuzia. Umbo la mwanga wenyewe halijabadilika, kilichobadilika ni jinsi ukuta unavyoukata.

Tukiita pembe hiyo θ, ikipimwa kutoka mstari wa katikati wa lenzi, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Bapa liko mbali zaidi na nukta ya lenzi kuliko lilivyo katikati, kwa hiyo kitu hukuzwa pande zote kwa kiasi cha 1/cos θ. Juu ya hapo, kwa sababu ya mshazari, hukuzwa tena kwa kiasi hicho hicho, lakini katika mwelekeo mmoja tu: ule unaotoka kitovu cha picha kwenda nje. Kitu kidogo cha pembeni basi huwa kikubwa kuliko inavyostahili, na zaidi ya hapo urefu wake wa kuelekea nje huwa umezidi upana wake kwa 1/cos θ. Huo uwiano wa pili ndio macho yanaoutambua kuwa ni mvutano.

Sasa tuupime katika picha yetu. Ina upana wa pikseli 4000 na kimo cha pikseli 3000, kwa hiyo kitovu chake kiko kwenye 2000 kwa 1500. Lenzi ya 0.5 katika simu nyingi ni sawa na milimita 13 kwa kipimo cha filamu ya zamani, ambayo ulalo wake ni takriban milimita 43.3. Ulalo wa picha yetu ni pikseli 5000. Kwa hiyo milimita 13 ni sawa na pikseli 1500 hivi, na huo ndio umbali wa nukta ya lenzi kutoka kwenye bapa. Mpira uko kwenye 3600 kwa 2700, yaani pikseli 1600 kulia kwa kitovu na 1200 chini yake. Umbali wake kutoka kitovuni ni pikseli 2000. Tanjenti ya pembe ni 2000 gawanya kwa 1500, ambayo inatupa pembe ya digrii 53, na kosaini yake ni 0.6. Nadharia inasema basi kwamba upana wa mpira unapaswa kuwa sehemu 6 kwa kila sehemu 10 za urefu wake. Nilipoupima kwenye skrini, upande mfupi ulikuwa na pikseli 232 na upande mrefu 387, na ule mhimili mrefu ulielekea moja kwa moja kwenye kitovu cha picha. Ukigawanya 232 kwa 387 unapata 0.6.

Mpira unafaa kwa kazi hii kwa sababu ni tufe, na tufe ukilitazama kutoka upande wowote mpaka wake ni duara. Si vitu vyote vilivyo hivyo, na hapa pana jambo ambalo maelezo mengi ya mtandaoni huliruka. Ukutani nyuma ya wachezaji palichorwa nembo ya klabu, ambayo ni duara la rangi, na sehemu yake iliyo karibu na kona ile ile ya picha haikuvutwa hata kidogo. Ukuta ulikuwa sambamba na bapa la kamera, na kitu bapa kilicho sambamba na kamera hubaki na umbo lake popote kilipo ndani ya picha. Mpira umekuwa yai na nembo imebaki duara, vyote katika kona moja. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kurekebisha chochote ni hili: kitu unachokikata ni bapa linalotazamana na kamera, au ni kitu chenye unene? Fremu ya picha, mlango na bango la ukutani viache kama vilivyo, kwa kuwa ukivibana utaviharibu. Kichwa, mpira, chungu, gari na kiti ndivyo vinavyohitaji kazi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini picha nzima haituudhi kama kipande kilichokatwa. Jibu ni kwamba picha ya lenzi pana ni sahihi kabisa ikitazamwa kutoka mahali pake. Ukiichapisha picha yetu kwa upana wa sentimita 40, mahali hapo ni sentimita 15 mbele ya kitovu chake. Ukifumba jicho moja na kulisogeza lingine hapo bila kukigeuza kichwa, ule mpira wa pembeni utauona kwa mshazari, na mshazari huo utaubana urudi kuwa duara. Hakuna anayetazama bango kwa namna hiyo, lakini ndani ya picha nzima jicho hupata msaada mwingine: sakafu inayokimbia, mabenchi yanayopanuka, kuta zinazofunguka kuelekea nje, vyote vikitoa habari moja. Kipande kikihamishwa peke yake hadi katikati ya picha nyingine, msaada huo hukatika, na jicho hukipima kana kwamba kilipigwa kutoka mbele. Wachoraji walilijua jambo hili kabla ya kamera kuwepo. Katika mchoro wa Rafaeli uitwao Shule ya Athene, uliochorwa Vatikani kati ya 1509 na 1511, tufe zilizo upande wa kulia zimechorwa kama duara kamili, ingawa kanuni kali ya mtazamo ingezitaka ziwe duaradufu. Rafaeli aliamua kuliridhisha jicho la mtazamaji badala ya rula, na nadhani alifanya vyema.

Turudi kwenye marekebisho. Kwa kitu kidogo, njia rahisi inatosha na haihitaji programu maalumu. Kikate kitu pamoja na nafasi ya kutosha pembeni yake, kizungushe mpaka ule mwelekeo wa kutoka kitovuni ulale mlalo, kibane mlalo kwa kiasi cha cos θ, kisha kizungushe kurudi kama kilivyokuwa. Mpira wetu uko kulia na chini, na mstari wake kutoka kitovuni umeinama digrii 37. Kwa hiyo unazungushwa digrii 37 kinyume cha saa, upana unapunguzwa hadi asilimia 60 bila kugusa kimo, na unazungushwa digrii 37 kufuata saa. Katika GIMP hizo ni hatua tatu za leya moja. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mtu kuacha mizunguko hiyo miwili na kubana upana peke yake. Mpira unatoka bado ni yai, ila limegeukia upande mwingine, na mtu huanza kubahatisha huku akivuta kona kwa mkono.

Njia hiyo haimfai mchezaji mzima, na sababu yake inaonekana ukikipima kichwa chake. Kiko kwenye 3600 kwa 1000, yaani pikseli 1600 kulia na 500 juu ya kitovu. Pembe yake ni digrii 48, na uwiano wa mvutano ni 1.5. Lakini mwelekeo wa mvutano huo ni kulia na juu kidogo, wakati ule wa mpira ni kulia na chini sana. Kila sehemu ya mwili imevutwa kwa kiasi chake na kwa upande wake. Ukimbana mchezaji wote kwa asilimia moja na mwelekeo mmoja, utaponya kiuno na kupindisha kichwa pamoja na miguu.

Dawa yake ni kuigeuza kamera baada ya picha kupigwa. Maneno hayo yanaonekana ya ajabu, lakini picha ya lenzi pana tayari ina miale yote iliyoingia kwenye nukta ya lenzi, pamoja na pembe zake. Tunaweza kuichukua miale ile ile na kuipiga juu ya bapa jingine, lililogeuzwa kumkabili mchezaji, na matokeo yake ni picha ambayo kamera ingeipiga kama ingekuwa imemwelekea yeye tangu mwanzo huku ikibaki pale pale iliposimama. Programu ya bure ya Hugin, inayojulikana zaidi kwa kuunganisha picha za mandhari, hufanya kazi hii hata kwa picha moja. Inahitaji kuambiwa mambo mawili: upana wa pembe ya picha, ambao kwa upande wetu ni digrii 106, na kiasi cha kugeuza. Mchezaji yuko pikseli 1600 kulia, na pembe ambayo tanjenti yake ni 1600 gawanya kwa 1500 ni digrii 47.

```
pto_gen -p 0 -f 106 -o a.pto picha.jpg
pano_modify --rotate=-47,0,0 --projection=0 \
  --fov=40x70 --canvas=AUTO -o b.pto a.pto
nona -m TIFF -o mchezaji b.pto
```

Alama ya kutoa mbele ya 47 inaivuta picha kushoto ili upande wa kulia uje katikati. Kama kitu chako kiko kushoto, iondoe. Asiyependa kuandika amri anaweza kufanya hayo hayo kwenye dirisha la Hugin kwa kuivuta picha na kipanya. Jambo la kuzingatia ni aina ya mchoro wa mwisho: uwe Rectilinear, na uwe mwembamba, kwa sababu ukiacha pembe pana katika picha mpya utakuwa umeuhamishia mvutano ule ule kwa kitu kingine.

Nimeigeuza kamera kushoto na kulia tu, sikuiinamisha, na huo ni uamuzi wa makusudi. Ikiinamishwa, nguzo na miili iliyosimama wima huanza kukutana kwa chini, na mchezaji akibandikwa kwenye bango lenye majengo yaliyonyooka ataonekana anaanguka. Gharama yake ni kwamba miguu inabaki mbali kidogo na kitovu kipya. Kichwa sasa kiko digrii 13 juu ya mstari wa katikati, na mvutano uliobaki ni chini ya asilimia 3, kiasi ambacho hakuna atakayekiona. Mpira uko digrii 29 chini, na bado umerefuka kwa asilimia 14 kuelekea chini. Huo unaonekana. Kwa kuwa sasa umevutwa wima tu, niliukata peke yake na kuupunguza kimo hadi asilimia 88, na ukawa duara. Buti zilizo karibu nao niliziacha, maana buti haina umbo ambalo jicho linalikumbuka kwa usahihi.

Namba hizi zote zinategemea kujua umbali wa lenzi kwa pikseli na mahali kilipo kitovu. Ukiwa na faili halisi, umbali huo huwa umeandikwa ndani yake kwa milimita, nawe utaugeuza kuwa pikseli kama tulivyofanya hapo juu, na unaweza kusomwa kwa amri moja:

```
exiftool -FocalLengthIn35mmFormat picha.jpg
```

Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepoteza maelezo hayo na imepunguzwa ukubwa, kwa hiyo mwombe mteja akutumie kama hati. Ikishindikana, mpira wenyewe utakuambia. Gawanya upande mfupi kwa mrefu upate kosaini, tafuta tanjenti ya pembe hiyo, kisha gawanya umbali wa mpira kutoka kitovuni kwa tanjenti hiyo: 2000 gawanya kwa 1.333 inarudisha 1500 yetu bila kuisoma popote. Ule mhimili mrefu pia ni shahidi wa kitovu. Usipoelekea katikati ya picha uliyopewa, basi kuna mtu aliyeipunguza kingo kabla ya kukutumia, na hesabu yako itakosea mpaka ukipate kitovu cha awali. Kukiwa na vitu viwili vya mviringo, mihimili yao mirefu ikiendelezwa itakutana hapo.

Kuna hali moja ambayo humchanganya hata mzoefu. Simu nyingi sasa huzirekebisha nyuso zenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Google walichapisha njia ya kuufanya ubongo wa simu uzitambue nyuso za pembeni na kuzirudishia umbo huku mandhari yakiachwa yamenyooka, na mipangilio ya aina hiyo imo kwenye simu za kampuni mbalimbali. Picha ya namna hiyo ina kanuni mbili ndani yake: mpira unasema 0.6 lakini kichwa ni cha kawaida. Ukiipitisha kwenye Hugin, mpira utapona na uso utatoka mwembamba kama wa mtu aliyefungwa kati ya milango miwili. Unaweza kuitambua mapema kwa kutazama mistari iliyo nyuma ya kichwa, kama vile vigae au fremu ya dirisha, ambayo hupinda kidogo karibu na uso na kunyooka mbele zaidi. Hapo dawa ni kumgeuza mchezaji kwa Hugin na kukichukua kichwa kwenye picha ya awali bila kukigusa, kisha kuunganisha shingoni. Ni kazi ya mkono, na haipendezi.

Kipo pia kitu ambacho hakuna mgeuzo utakaokiondoa, nacho ni mahali kamera iliposimama. Katika picha hii mchezaji alikuwa mita 2 hivi kutoka kwenye simu, na simu ilishikwa kwenye kimo cha takriban mita 1.2. Kwa umbali huo kamera inaziona buti zake kwa juu, na mkono alioutoa mbele unakuwa mkubwa kuliko ule wa nyuma. Huo si mvutano wa pembeni bali ni ukaribu, na ungekuwepo hata kama angesimama katikati ya picha. Aidha, mwili wake ulikuwa umekaa sambamba na safu ya wenzake, si kuikabili simu. Baada ya mgeuzo kifua chake kimegeuka kando kwa digrii 47, jinsi simu ilivyomwona kweli, wakati uso, ambao aliuelekeza kwenye lenzi, unatutazama. Kwa bango la mpira mkao huo unafaa, pengine kuliko wa kusimama kama askari. Kwa picha ya kitambulisho usingefaa.

Kilichobaki ni kumweka mahali pake. Kwa kuwa kamera haikuinamishwa, mstari wa upeo wa macho unampita kwenye kimo cha simu, yaani kifuani. Kwenye picha ya uwanja iliyokuwa msingi wa bango, upeo wa macho nao ulipaswa kumkata kifuani, na nilimshusha mpaka ukamkata hapo. Alipokuwa juu zaidi ya hapo alionekana anaelea, ingawa buti zilikuwa zimegusa nyasi. Picha hiyo ya uwanja ilipigwa kwa lenzi kuu ya simu, ambayo ni sawa na milimita 26, naye aliwekwa karibu na katikati, kwa hiyo hakuhitaji kuvutwa tena. Kama mteja angemtaka kwenye ukingo wa picha hiyo, angepaswa kurudishiwa mvutano wa hadi asilimia 20 kuelekea nje, kwa sababu vitu vyenye unene vilivyo jirani naye hapo vingekuwa tayari vimevutwa kwa kiasi hicho.